Samaki Asiye na Miba

Siku ya kuruhusiwa kutoka wodini, Mama Chuma alikuwa amejifunga kitambaa kichwani tangu asubuhi, ameketi ukingoni mwa kitanda na mkoba wake magotini kama abiria anayeogopa kuachwa. Jina la Chuma alilipata zamani, enzi za kuuza mkaa, alipokuwa akijitwika magunia mwenyewe bila kumngoja mchukuzi. Sasa umri ulikuwa unaelekea themanini, na homa ya mapafu ilikuwa imemlaza wiki tatu. Mapafu yalipona. Lakini gauni alilokuja nalo lilimning'inia kana kwamba ameliazima kwa mtu mnene.

Aliyekuja kumchukua alikuwa mke wa mwanawe. Huyu alikuwa fundi cherehani, na mtaani kote walimwita Fundi. Mumewe alikuwa akifuata kazi za umeme kwenye majengo ya miji ya mbali na kurudi mara chache, kwa hiyo mama mkwe na mkaza mwana waliishi wawili tu katika nyumba ya mama. Hawakugombana, wala hawakupatana. Waliishi kama sufuria mbili kwenye jiko moja, kila moja ikichemka kivyake.

Kabla hawajaondoka akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya taratibu, akavuta kiti. Alisema wazee wengi hupona ugonjwa uliowaleta hospitali, kisha huangushwa na udhaifu walioondoka nao, kwa hiyo yeye hamruhusu mtu kwenda bila kupima misuli yake. Akaanza na maswali. Kubeba mzigo kama wa kilo tano kunakupa shida? Kutembea kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine? Kuinuka kitini? Kupanda ngazi? Mwaka huu umeanguka?

Mama Chuma alijibu kila swali kwa neno moja, kwamba hana shida. Fundi, aliyemwinua kutoka sakafu ya bafuni mara mbili kabla hata ya homa ile, alifungua kinywa, akakutana na jicho la mama mkwe wake, akakifunga.

Mtaalamu hakubisha. Alisema maswali hujibiwa na mdomo, na sasa angeiuliza mikono na miguu. Akampa kifaa chenye mpini wa kubana na mshale. Mama Chuma alibana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, mkono wa kulia, wa kushoto, akarudia tena na tena. Mshale haukupita kilo kumi na mbili, na kwa mwanamke wa umri wake kushuka chini ya kumi na sita tayari ni dalili mbaya. Kisha akaambiwa akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara tano. Alifanya mara mbili. Ya tatu mikono ilijifungua yenyewe ikashika kiti. Mtaalamu akambonyeza miguu kwanza kuona kama ina maji, maana uvimbe hudanganya utepe, halafu akaizungushia utepe wa kupimia kwenye mashavu, ile nyama ya nyuma chini ya goti. Ilikuwa miembamba kuliko inavyotakiwa.

"Mama, misuli imeliwa," alisema. "Imeliwa na umri, na ugonjwa, na hiki kitanda. Lakini inaweza kurudishwa."

Mama Chuma aliutazama ule mshale kwa muda, akauliza kama kifaa hakijaharibika.

Mambo mengine yalizungumzwa ukumbini, nje ya pazia. Binti mkubwa wa Mama Chuma alikuwa amefika, mwalimu wa sekondari aliyeishi upande wa pili wa mji, na ndugu zake pia walimwita Mwalimu kwa sababu alizungumza nao kama wanafunzi. Mtaalamu wa lishe, ambaye wagonjwa walimwita Bwana Lishe, aliwaeleza wanawake hao wawili mpango. Alimwuliza kwanza daktari wa wodi juu ya figo za mgonjwa, daktari akajibu huku akipita kwamba vipimo viko sawa, na mpango ukaendelea.

Kosa la nyumba nyingi, alisema Bwana Lishe, ni kumpa mzee chai na mkate asubuhi, wali na mchuzi mchana, kisha nyama yote usiku. Misuli ya mzee ni mizito kusikia. Ukiiita kwa sauti ndogo haiitiki, na ukipiga kelele mara moja kwa siku haiwezi kuhifadhi kelele hiyo kwa kesho. Inataka kuitwa vizuri kila mlo. Kwa uzito wa Mama Chuma, alitaka kiasi cha gramu ishirini za protini kila mlo, na nyongeza kidogo katikati: asubuhi mayai mawili na kikombe cha maziwa, mchana kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja, jioni kuku, au maharage ya kutosha pamoja na yai. Kati ya milo, maziwa yenye karanga za kusaga. Chakula cha kutia nguvu, kama ugali na wali, kisipunguzwe, kwa sababu mwili wenye njaa huichoma protini kama kuni. Na kila siku asimame na kuketi kitini, kwani chakula bila kazi hakijengi kitu.

Mwalimu aliandika yote. Akamgeukia Fundi na kumwuliza kama ameelewa, kwa sauti ile ile ya darasani. Fundi akasema, "Nimeelewa, wifi."

Ukweli ni kwamba alielewa vizuri kuliko alivyodhaniwa, na aliufuata mpango kama anavyofuata vipimo vya nguo ya harusi. Mayai aliyachemsha asubuhi kabla ya kufungua cherehani. Mchana, kwa kuwa mama mkwe alikuwa amebakiwa na meno machache na mwiba wa samaki uliwahi kumkwama kooni, Fundi alimchambua samaki kwa vidole, akitoa mwiba mmoja mmoja mpaka ibaki nyama tupu. Mama Chuma alisema anapenda kulia chumbani kwake, kwa utulivu, mlango ukiwa umefungwa. Sahani zilirudi tupu. Jioni walikula pamoja mezani, na hapo mama aligusagusa kuku, akala wali na mboga, akasema ameshiba kwa vile vya mchana. Fundi aliziangalia zile sahani tupu za asubuhi na mchana akaridhika.

Baada ya mwezi walirudi kliniki. Mwalimu aliomba ruhusa shuleni ili awepo. Mama Chuma akapandishwa kwenye mizani, na uzito ulikuwa umeshuka. Mshale wa kifaa cha kubana ulisimama chini ya pale uliposimama mara ya kwanza. Na kwenye kiti, safari hii hata kusimama mara ya pili kulimshinda.

Bwana Lishe aliuliza anakula nini, mlo kwa mlo. Fundi akataja. Bwana Lishe akarudia swali kwa njia nyingine, kisha kwa njia ya tatu, na kila mara majibu yalikuwa yale yale. Mama Chuma alitikisa kichwa kukubali kila kitu. Mwishowe yule bwana akasema kwa upole kwamba mtu anayekula hivyo hapungui hivi. Huenda kuna ugonjwa uliojificha, na angeomba vipimo. Au huenda chakula hakifiki.

Hakusema kinapotelea wapi, wala hakumtazama mtu. Lakini Mwalimu alimtazama.

Walipofika nyumbani, Mwalimu alimfuata wifi yake jikoni. Alizungumza bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililoumiza zaidi. Alisema hamtuhumu mtu. Ila anajua maisha ni magumu, na anajua mayai hayana jina la mwenyewe, na anajua pia nyumba hii ni ya mama, na mama akiondoka haitabaki bila mtu.

"Sema unachotaka kusema, wifi," alisema Fundi.

"Nimesema. Mama yangu anakauka mikononi mwako."

Fundi aliendelea kusugua sufuria iliyokuwa tayari safi. Chumba cha mama kilipakana na jiko, na ukuta ule haukuzuia hata kikohozi. Alijua mama mkwe wake amesikia kila neno. Alingoja amwite, aseme chochote, walau kwamba chakula huwa anapelekewa. Chumbani kulikuwa kimya.

Tangu siku hiyo Fundi naye akaanza kushuku. Mama anakubali kliniki kwamba analetewa chakula, kisha anakaa kimya anapotukanwa yule anayekileta. Labda ndivyo alivyokusudia. Labda siku zote alikuwa akingoja njia ya kumtoa mke ambaye hakuwahi kumchagulia mwanawe. Alimpigia mumewe simu na kumweleza. Mumewe, ambaye katika ugomvi wa mama na mke alikuwa na desturi ya kukatika mtandao, alisema watazungumza akirudi.

Mwalimu hakungoja. Shule zilipofunga alihamia pale na sanduku lake, akasema amekuja kupumzika. Alipumzika jikoni. Alihesabu mayai kwenye trei bila kujificha, alisimama karibu na jiko samaki alipokuwa akikaangwa, na sahani ya mama aliibeba mwenyewe mpaka mlangoni. Alitaka kuketi mpaka iishe, lakini mama alikuwa na hila za mtu mzima. Alitafuna taratibu mpaka mtazamaji akachoka. Aliomba maji, halafu akasema si hayo, anataka ya moto. Alisema hawezi kumeza akikodolewa macho kama mfungwa. Mwalimu alitoka, akarudi, akakuta sahani tupu, na moyo ukamtulia. Sasa alikuwa na hakika kwamba chakula kinafika, na kwamba kabla ya yeye kuja kilikuwa hakifiki. Alianza kumwambia wifi yake "asante" kwa namna ambayo Fundi alitamani kurushiwa kijiko kuliko kuisikia.

Majibu ya vipimo vya ugonjwa uliojificha yalikuja yakiwa safi. Uzito haukupanda. Mwalimu alijiambia mwili unahitaji muda.

Mambo yalikuwa hivyo alipobisha hodi jirani wa nyuma, mzee mstaafu aliyevaa kofia hata ndani ya nyumba, kwa hiyo akaitwa Kofia. Alikataa kuketi. Alikuwa amekuja kuwatahadharisha, alisema, kwa sababu kuna wezi wanaandaa shughuli. Mbwa wake, ambaye zamani alikuwa haruhusu hata upepo kupita, sasa alikuwa amekuwa bubu. Alikuwa amenona. Uji wake wa jioni alikuwa akiunusa na kuuacha. Kuna mtu anamlisha ili amzoee, na kila mtu anajua mbwa akishamzoea mwizi, kinachofuata ni mlango.

Mwalimu aliuliza ana ushahidi gani. Kofia akasema ameokota mabaki kwenye uzio wa waya unaotenganisha nyumba hizi mbili, mahali mbwa alipopenda kulala siku hizi. Vipande vya yai la kuchemsha. Na samaki.

"Tena huyo mwizi ana adabu," Kofia aliongeza. "Samaki wenyewe wamechambuliwa. Hakuna mwiba hata mmoja. Nimeishi miaka yote hii, sijaona mtu anayemtolea mbwa miba."

Fundi alikuwa ameketi kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio. Aliacha kushona. Vidole vyake vilivyokuwa vimeshika kitambaa vilikuwa bado na harufu ya samaki wa jana.  Mwalimu alimshukuru jirani na kuahidi kwamba watakuwa macho.

Mchana huo Fundi alipika kama kawaida, akachambua samaki kama kawaida, akampa Mwalimu sahani aipeleke. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma na kusimama kwenye kona ya ukuta, mahali pa kuanikia nguo. Mbwa wa Kofia alikuwa tayari chini ya dirisha la mama, amejipenyeza kwenye tundu la uzio, ameketi wima kama mgeni aliyealikwa. Hakubweka. Baada ya muda mkono mwembamba ulitoka kati ya nondo za dirisha ukaachia kipande cheupe cha samaki, halafu kingine. Mwisho ulitoka na kikombe, na maziwa yakamwagika polepole ukutani, mbwa akayafuata kwa ulimi.

Kwanza Fundi alihisi mzigo ukimtoka mabegani. Halafu ikaja hasira, na hasira ilikuwa kubwa kuliko nafuu. Angeweza kumwita Mwalimu pale pale, aje aone kwa macho yake. Alikaribia kufanya hivyo. Kilichomzuia ni ule mkono. Ulikuwa unatetemeka kwa kubeba kikombe kitupu, na haukuwa mkono wa mtu anayemchezea mwenzake mchezo. Ulikuwa mkono wa mtu anayeogopa.

Aliingia chumbani bila kubisha, akafunga mlango, akaketi sakafuni karibu na kitanda.

"Mama, mbwa wa jirani anakusalimu," alisema. "Anasema samaki wa leo amepungua chumvi."

Mama Chuma aliweka kikombe chini. Hakujifanya hajaelewa.

"Na wewe ukinilisha hivi, unataka nifike wapi?"

"Nataka upate nguvu."

"Hayo ndiyo mnayosema." Sauti ya mama ilikuwa ndogo. "Mume wangu niliambiwa na daktari kwa masikio yangu. Nyama, mayai, maharage, maziwa: hiyo ni sumu yake, mpimie kama dawa. Nikampimia. Miaka miwili nilimkatia nyama vipande kama vya mtoto, analia njaa ya nyama mtu mzima, namnyima. Figo zikamuua vilevile. Sasa mimi nimelala pale wodini, nawasikia nje ya pazia mnanong'ona. Figo zake, protini. Figo zake, protini. Halafu mnarudi nyumbani mnanipa sumu ile ile asubuhi, mchana na jioni, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kitu. Ungekuwa wewe ungekula?"

 Fundi alijaribu kukumbuka siku ile ukumbini, na alichokumbuka ni kwamba kweli, katika maelezo yote yale, hakuna aliyefungua pazia.

"Na wifi aliponiita mwizi," alisema hatimaye, "ulikuwa unasikia."

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani mnaigiza," alisema Mama Chuma. "Ili nisijue kwamba mko pamoja."

Fundi alicheka bila kutaka, kicheko kikavu, kisha akafuta macho kwa upindo wa kanga. Hasira haikuisha, lakini alijua sasa ielekee wapi. Akamwita Mwalimu. Mama akarudia maneno yale yale mbele ya binti yake, akiwa ameshika ukingo wa kitanda, na Mwalimu akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni bila kusoma.

Walirudi hospitali watatu. Fundi alishikilia kwamba safari hii mazungumzo yawe mbele ya mama, na kwamba maswali aulize mama. Bwana Lishe alimwita yule daktari wa wodi. Walipoelezwa habari ya pazia, Bwana Lishe aliinamisha kichwa, akasema kosa lilikuwa lake. Mpango ule ulikuwa wa mama, na yeye aliwapa watu wengine.

Daktari akaeleza. Chakula hakikuziua figo za mumewe. Zilikuwa zimechoka karibu kabisa na alikuwa hajafikia kusafishwa damu kwa mashine, kwa hiyo mabaki ya protini yalikuwa yanarundikana mwilini. Ndiyo maana alipunguziwa. Shauri lile lilikuwa sahihi kwake. Kwa mtu ambaye figo zake zinafanya kazi, kumnyima protini akiwa amekonda hivi ni kumsukuma kaburini.

"Na mmejuaje kama zangu zinafanya kazi?" aliuliza Mama Chuma.

Daktari akasema wamepima damu. Wanaangalia taka fulani inayotoka kwenye misuli. Figo zikishindwa, ile taka hujaa kwenye damu. Yake ilikuwa ndogo.

Mama Chuma alifikiri.

"Si mmesema misuli sina?"

 Daktari alivua miwani. Bwana Lishe alimtazama, naye akamtazama Bwana Lishe. Kisha daktari akakiri kwamba mama amegusa penyewe. Kwa mtu mwenye misuli michache, kipimo kile kinaweza kuonyesha figo nzuri kuliko zilivyo, kwa kuwa taka yenyewe inayotengenezwa ni kidogo. Kipo kipimo kingine kisichotegemea sana misuli, kinapelekwa maabara kubwa, na kipo cha mkojo. Alipaswa kuwa ameviomba mapema.

"Viombe sasa," alisema Mama Chuma. "Na majibu nisomewe mimi kwanza."

Damu ilichukuliwa mbele yake, na aliifuata ile chupa kwa macho mpaka ilipobandikwa jina. Siku zile za kungoja alikubali kula nusu ya kila alichopewa, na si zaidi. Alisema huo ni mkopo, si makubaliano. Majibu yalipokuja, daktari alimketisha yeye mbele na wengine nyuma. Figo zilikuwa zimezeeka kidogo, kama yeye mwenyewe, lakini zilikuwa mbali sana na zile za mumewe, na mkojo ulikuwa safi. Mpango wa chakula ungeendelea bila kupunguzwa, na baada ya miezi michache zingepimwa tena. Mama Chuma aliomba asomewe mara ya pili. Halafu akasema sawa.

Sawa yake haikuwa ya mtu aliyeamini moja kwa moja. Asubuhi ya kwanza alisukuma sahani ya mayai kuelekea kwa mkaza mwana wake na kumwambia aonje kwanza. Fundi alionja. Kesho yake tena. Mwishowe ikawa rahisi zaidi kuchemsha mayai manne na kula pamoja pale karibu na cherehani, na baada ya chai mama alibaki kwenye kiti chake, akisimama na kuketi kila Fundi alipomaliza mshono mmoja. Mwanzoni alishika meza kwa mikono miwili, baadaye kwa mmoja. Siku alipoamka na kichwa kizito alisema mishono ya leo ni mingi mno, Fundi anamkomoa.

Mwalimu alikaa mpaka likizo ikaisha. Siku ya kuondoka alimkuta wifi yake akianika nguo, akazungukazunguka na sanduku mkononi. Alianza kusema kwamba mtu akimwona mzazi wake anaisha, akili humruka, na kwamba hakukusudia, na kwamba—

"Ulikusudia, wifi," alisema Fundi. Hakusema kwa ukali. "Ulinihesabia mayai."

Mwalimu aliweka sanduku chini. Kisha akasema, "Ndiyo. Nilikuhesabia. Nisamehe."

Fundi alibana nguo kwenye kamba, akatafuta kibanio kingine. Alisema atasamehe polepole, kwa sababu haraka hana. Ila wikendi anataka kupumzika kama watu wengine, kwa hiyo kuanzia sasa milo yote ya Jumamosi na Jumapili ni ya Mwalimu, aje kupika na kuketi na mama mezani mpaka mwisho. Na aje na samaki wake mwenyewe. Mwalimu alikubali, na kweli alikuja. Wiki ya kwanza samaki wake walikuwa wakavu kama mbao, lakini alikuja.

Miezi mitatu baadaye yule mtaalamu mrefu alimpima mama tena. Mshale ulipanda hadi kumi na tano, bado chini ya mstari, na mama alilaumu kifaa kama kawaida yake. Lakini alikunja mikono kifuani akasimama na kuketi mara tano, akipumua kwa nguvu, na hakushika kiti. Alichelewa kidogo kuliko muda uliowekwa. Mtaalamu alisema safari haijaisha, ila sasa wanatembea kuelekea upande unaotakiwa. Alipomwuliza tena yale maswali ya mwanzo, Mama Chuma alimtazama Fundi, akavuta pumzi, akasema ngazi zinamshinda na alishaanguka bafuni mara mbili.

Shuku zake hazikwisha, zilihamia kwingine. Aliamua muuza duka wa kona anawauzia mayai ya zamani, yale mapya akiyaficha nyuma kwa wateja anaowapenda. Fundi alimwambia atamkanya. Mama akasema hapana, mwizi hakanywi kwa kutumiwa salamu. Akachukua fimbo na kitambaa chake cha kichwani, akatoka kwenda kuchagua mayai mwenyewe. Fundi alisimama dirishani, uzi mdomoni, akamwangalia akienda barabarani hatua kwa hatua, akisimama kwenye kivuli cha kila ukuta kupumzika, kisha akiendelea. Hakumfuata. Alipita jikoni akainjika maji, ili mayai yayakute yakichemka, akarudi kwenye cherehani.